Maneno "Bila Wasiwasi" Yalivyoninyima Usingizi

Wiki hii sina klipu, nina stori tu, na ni ndefu kidogo. Kama uko kwa matatu na bando inaisha, weka hii ya jioni.

Wengi wenu mnanijua kwa zile video za Garsen, mto, boda na vituko vya pale Minjila. Kile ambacho sijawahi kuwaambia ni kwamba miezi mingine kodi yangu inalipwa na kazi ya kutafsiri. Mtu ana tangazo la Kiingereza, anataka watu wa huku walisome kwa Kiswahili, ananitumia kwa WhatsApp, tunaelewana bei, kesho yake nimemaliza. Nilikuwa nadhani hiyo ndiyo hela rahisi kuliko zote. Kiswahili si nimekizaliwa nacho?

Basi ikaja kampuni moja ya Nairobi, jina nitaliacha. Walikuwa wanazindua chujio la maji la kufunga kwenye ndoo. Si lile la kuchujia chai, hapana. Hili ni mrija wa plastiki unaotoshea mkononi, na ndani umejaa nyuzi nyembamba sana zilizo na uwazi katikati kama mirija midogo midogo, maelfu yake. Maji yanapenya kwenye kuta za zile nyuzi, uchafu unabaki nje. Uzinduzi ulikuwa ufanyike Garsen, uwanjani, na muziki na fulana na kila kitu. Nilipewa brosha ya kurasa sita, shilingi 12,000, siku tatu.

Kiingereza chake kilikuwa kitamu, lazima niseme. Kilikuwa kinaongea kama rafiki yako mchangamfu: sentensi fupi, utani kidogo, hakuna maneno ya daktari. Juu kabisa kulikuwa na maneno mawili makubwa ya kumwambia mtu anywe kwa ujasiri. Nilikesha nalo. Nikabadilisha hayo mawili yakawa "Kunywa bila wasiwasi." Nikalisoma kwa sauti mara kumi. Lina mdundo, linaingia mdomoni vizuri, hata mtoto atalishika. Saa nane usiku nilikuwa najipigia makofi mwenyewe.

Asubuhi nikapita dukani kwa shangazi. Huwa nampa kazi zangu asome kwanza, si kwa sababu yoyote ya maana, ni vile tu yeye husoma polepole na kwa sauti, na nikimsikia nashika makosa ya herufi. Alikuwa na mjukuu mgongoni, miezi tisa. Akasoma kurasa zote sita, akakunja, akanirudishia. Halafu akasema, "Hili nitanunua. Kuni zimekuwa ghali. Sasa maji ya huyu mtoto sichemshi tena."

Nikacheka, nikasema eeh shangazi, teknolojia hiyo. Nikatoka. Nilikuwa nimefika karibu na stendi nilipojiuliza: kwani ni nani amemwambia asichemshe?

Nilikuwa nimemwambia mimi.

Nikarudi nyumbani nikaifungua brosha ya Kiingereza tena, safari hii nikatafuta chini kabisa, kule kwenye maandishi ya saizi ya sisimizi. Kulikuwa na kinyota. Kinyota kilisema matokeo ni ya maabara, kwamba chujio haliondoi virusi, chumvi wala kemikali zilizoyeyuka, na kwamba kama maji yanashukiwa kuwa na virusi mtu ayachemshe au ayatie klorini. Mimi kile kinyota nilikuwa nimekiruka kwa sababu niliona hakitatoshea. Kiswahili ni kirefu kuliko Kiingereza, mnajua, ukitafsiri ukurasa mmoja unaongezeka, kwa hiyo nilikata kitu ambacho nilidhani hakuna mtu hukisoma.

Hebu tukae hapa kidogo, kwa sababu hili ndilo lililonifanya nianze kazi upya.

Matundu ya zile nyuzi yana upana wa mikroni 0.1. Chukua milimita moja, igawanye mara elfu kumi, hicho kipande kimoja ndicho tundu. Bakteria wa kipindupindu ana upana wa kama nusu mikroni, kwa hiyo ni mara tano ya tundu. Hapiti. Amiba na minyoo ya maji ni wakubwa zaidi, hao hata hawajaribu. Lakini virusi ni vitu vidogo vya ajabu. Kile cha homa ya ini aina ya A kina kama mikroni 0.03, yaani kinaweza kupita kwenye lile tundu kama mtoto anavyopita kwenye lango la shule. Na virusi ni miongoni mwa vitu vinavyoharisha watoto wachanga vibaya sana.

Sasa leta hiyo hesabu hapa kwetu. Mto Tana ukifurika, unapita kwenye vyoo, unapita kwenye maboma ya ng'ombe, halafu unakuja ndani ya nyumba. Novemba 2023 tulikuwa ndani ya maji, na Aprili na Mei 2024 tena, barabara ya kwenda Lamu imekatika pale Gamba na watu wanavushwa kwa boti. Hayo ndiyo maji ambayo mtu atachota kwa ndoo na kuchuja. Huo ndio wakati virusi vina nafasi kubwa ya kuwemo. Na huo ndio wakati sentensi yangu nzuri ingekuwa inamwambia shangazi anywe, na mtoto anywe, bila wasiwasi.

Ukiyaangalia yale maneno ya Kiingereza ya ujasiri, kwa kweli hayaahidi kitu. Ni mbwembwe tu, kama mtu anavyokwambia "ishi kikubwa." Hakuna anayeweza kupima ujasiri. Lakini "bila wasiwasi" kwa Kiswahili ni taarifa. Daktari akikwambia meza dawa hii bila wasiwasi, maana yake ameshaangalia na haina madhara. Kwa hiyo niliibeba mbwembwe, na njiani ikageuka kuwa ahadi. Sikuongeza hata neno moja, na bado nilikuwa nimeongeza dai ambalo kampuni yenyewe haikuwahi kulitoa.

Nikampigia yule dada wa masoko Nairobi, nikamwomba ripoti ya maabara. Alishangaa. Akasema watafsiri wengine huwa hawaombi. Lakini alinitumia, na namshukuru, maana ile karatasi ya kurasa nne ndiyo ilinifundisha kazi. Nikachukua kalamu, nikapita kila sentensi ya brosha nikijiuliza kitu kimoja: hii imetoka wapi kwenye ripoti? Ikiwa imo, naandika namba ya ukurasa pembeni. Ikiwa haimo, naweka duara. Nikimaliza, madoadoa ya duara yalikuwa mengi kuliko namba.

Ripoti ilisema bakteria wamepungua kwa asilimia 99.9999. Hiyo ni sawa na kusema kati ya kila bakteria milioni moja walioingia, alitoka mmoja. Poa sana. Upande wa virusi ilisema: haikupimwa. Si kwamba ilipimwa ikashindwa, hapana, haikupimwa kabisa. Na ndio maana Shirika la Afya Duniani likipima vifaa vya maji ya nyumbani huangalia makundi matatu mbalimbali, bakteria, virusi na vile vijidudu vikubwa vya aina ya amiba, halafu hutoa nyota. Kifaa kinachofanya vizuri kwenye makundi mawili tu hupata nyota moja, na nyota hiyo moja inamaanisha kwamba kinga haijakamilika. Nilipoielewa hiyo, brosha yote nikaisoma kwa jicho jingine.

Nitawapa mifano mitatu tu, ile iliyonitoa jasho.

Wa kwanza ni "kinga." Kiingereza kilisema chujio linasaidia kulinda familia dhidi ya magonjwa ya maji. Mimi nikaandika "Kinga ya familia yako dhidi ya kipindupindu." Kipindupindu nilikitia mwenyewe, kwa sababu 2023 kaunti yetu ilikuwa nacho na nilijua neno hilo litamshtua msomaji asimame. Ujanja wa kontenti huo, nakiri. Lakini ona: huku kwetu "kinga" ni neno la kliniki. Mtoto akipata chanjo anapata kinga. Kwa hiyo mtu anasikia kwamba ukiwa na hili chujio kipindupindu hakikugusi. Na kipindupindu hakisubiri maji ya kunywa pekee, kinakuja na mikono isiyonawa, na matunda yaliyooshwa kwa maji mabaya, na chakula cha matangani. Chujio linaweza kumzuia bakteria aliye ndani ya ndoo. Kuzuia ugonjwa ni jambo jingine kabisa, na ripoti haikuwa na mgonjwa hata mmoja ndani yake. Nikafuta. Ikabaki kwamba chujio linazuia bakteria waliomo kwenye maji. Inasikika ndogo, najua.

Wa pili ni neno dogo sana, "hadi." Kiingereza kina maneno mawili ya kusema kwamba kitu kinaweza kufika kiasi fulani, lakini kisipite, na pengine kisifike. Wauzaji wanayapenda kufa. Brosha ilisema chujio linafika mpaka lita 100,000. Nikaandika "Hudumu hadi lita 100,000." Kamusi haitanilaumu. Lakini nenda umwambie mtu wa Garsen "duka liko wazi hadi saa mbili" uone kama atakuja saa moja na nusu akiwa na shaka. Hadi kwetu ni mpaka pale, lazima pafike. Shangazi alikuwa ameshapiga hesabu yake: mitungi miwili ya lita 20 kwa siku ni lita 40, kwa hiyo lita 100,000 ni siku 2,500, karibu miaka saba. "Miaka saba sinunui kingine," alisema. Waranti ya kampuni ilikuwa mwaka mmoja. Na zile lita 100,000 zilipatikana kwa maji yaliyo karibu kuwa meupe, maabara, si kwa maji ya Tana ambayo ukiyaweka kwenye glasi ya mchana huoni kidole chako upande wa pili.

Hii nilitaka kuiona kwa macho, kwa hiyo niliomba chujio moja, nikachota ndoo mbili mtoni. Ya kwanza niliichuja hapo hapo. Ilianza kwa mkondo mzuri, halafu ikawa uzi, halafu matone, na hata nusu ya ndoo haijaisha. Ikabidi nichukue ile bomba ya sindano inayokuja nayo, nijaze maji safi na kuyasukuma kwa nguvu kinyumenyume ili tope litoke kwenye nyuzi. Ikafanya kazi tena, kwa muda. Ndoo ya pili niliifanya kama mama zetu wanavyofanya siku zote: nikaitia shabu kidogo, nikakoroga, nikaiacha usiku kucha tope likae chini, asubuhi nikamimina yale ya juu taratibu na kuyachuja. Ndoo nzima ikaisha bila kusafisha chujio hata mara moja. Sasa niambie, ni habari gani ina faida zaidi kwa mnunuzi wa huku, ile ya lita 100,000 au hii ya kutuliza maji kwanza? Na brosha ya Kiingereza haikuwa na neno lolote kuhusu tope. Waliiandika wakiwaza bomba.

Kwa hiyo kwenye Kiswahili nikaliacha "hadi" kabisa. Nikaandika kwamba maabara walipitisha lita 100,000 za maji yasiyo na tope, kwamba maji ya tope yataliziba mapema, na kwamba waranti ni mwaka 1. Ukweli ule ule, umepangwa ili mtu asikie kile kampuni inaweza kusimamia.

Kuna na binamu yake "hadi," ambaye ni "inaweza." Sitakaa sana hapa. Kiingereza kikisema kitu huenda kikasaidia, kinajivuta nyuma. Ukisema kwa Kiswahili "inaweza kusaidia," unasifu. Inaweza! Ina uwezo! Kila mahali nilipokuwa nimeandika hivyo nikaangalia kama ripoti inasema ndiyo au hapana. Ikisema ndiyo, nikaandika moja kwa moja. Isiposema, nikatoa.

Mfano wa tatu ni "maji yoyote." Brosha ilijivunia kwamba chujio linageuza maji yoyote kuwa ya kunywa. Ukiwa Nairobi hayo ni maneno ya kunogesha tu. Ukiwa kwenye delta ya Tana, hapana bana. Shuka mpaka Kipini ambapo mto unaingia baharini, bahari ikijaa maji ya chumvi yanapanda mtoni. Kuna visima ambavyo chai yake haihitaji chumvi. Mtu wa huko akisikia "maji yoyote" atakuja na jerikani yake, na atakuwa na haki. Chumvi iliyoyeyuka inapita kwenye yale matundu kama vile hakuna ukuta. Dawa za kunyunyizia mpunga zikiwa zimeyeyuka ndani ya maji, vivyo hivyo. Nikaandika wazi: "Halitoi chumvi. Maji ya chumvi yatabaki ya chumvi." Hiyo ya pili niliiongeza kwa sababu sentensi ya kwanza peke yake watu wengine walidhani nasema chujio halina chumvi ndani.

Ndio, watu wengine. Maana baada ya shangazi niligundua kwamba kujisomea mwenyewe hakutoshi. Nikawa nachukua ukurasa, naupeleka kwa mtu ambaye hajaona Kiingereza, anausoma, ninamfunika karatasi, namuuliza: ukinunua hii utapata nini, na utaacha kufanya nini? Lile swali la pili ndilo la dhahabu. Watu wengi hapa Kiswahili ni lugha yao ya pili, nyumbani ni Kipokomo au Kiorma au Kisomali, kwa hiyo nilihakikisha nimeuliza watu wa kila upande. Kijana mmoja wa boda akanifundisha jambo ambalo sikulitarajia. Nilikuwa nimeandika "haliondoi virusi," akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani virusi vinakaa kwa maji?" Kwake "virusi" ni kitu kimoja tu, ukimwi, kwa sababu ndivyo alivyolisikia neno hilo redioni maisha yake yote. Ikabidi niseme "virusi vinavyoharisha watoto," ndipo ikaeleweka.

Basi nikawatumia Nairobi kazi yangu mpya. Na hapo ndipo moto ulipowaka.

Dada wa masoko akasema nimeua brosha. Alisema ya Kiingereza inacheza, yangu inasoma kama onyo la pakiti ya sigara. Nilikasirika kwanza, halafu nikaisoma tena jioni na, wallahi, alikuwa sawa. Kwa woga wa kudanganya nilikuwa nimejaza "haliwezi," "halitoi," "isipokuwa." Nilikuwa nimesahau kwamba nilipewa kazi mbili: ukweli, na ile sauti ya rafiki mchangamfu. Mtu akiona karatasi imekunja uso hataisoma, na asipoisoma hata lile onyo la virusi halimfikii.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta uchangamfu mahali ambapo hauwezi kuvunja ukweli. Na niligundua kwamba mahali hapo ni kwenye vitendo. Ukisema kitu kitamfanyia mtu nini, unaahidi. Ukimwambia mtu afanye nini, huahidi, na Kiswahili kwenye kuamrisha kina mdundo wa bure kabisa. Kiingereza kilikuwa na amri tatu fupi zinazoanza na herufi moja. Mimi nikapata hizi: "Chota. Tuliza. Chuja." Ch, t, ch. Zinatembea. Tena ni maelekezo sahihi, kwa sababu lile "tuliza" ndilo linaloliokoa chujio lisizibe. Hii ikawa juu kabisa, mahali pa "bila wasiwasi."

Utani nao ukarudi. Palipokuwa na onyo la chumvi tukaweka, "Chumvi? Hiyo hatuiwezi, waachie wapishi." Dada alicheka kwenye simu, nikajua hapo tumeelewana. Ilikuwa inakiri udhaifu wa bidhaa na bado inafurahisha.

Lakini virusi bado ilikuwa vita. Bosi wake aliingia kwenye simu, akasema kinyota kipo kwenye Kiingereza, kisheria wako salama, hakuna haja ya kukiweka kwa herufi kubwa kwenye Kiswahili. Mimi si wakili, ila nilikuwa nimesoma. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya kupata habari anayohitaji ili afaidike na bidhaa, na inataka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki na ya kweli. Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012, kifungu cha 12, inaenda mbali zaidi: udanganyifu si uongo wa wazi peke yake, kutia chumvi na kutumia maneno yenye utata pia vimo, na kunyamazia jambo la maana pia kumo, ikiwa hilo linampotosha mtu. Nikamwambia: mnunuzi wa Garsen hatapewa brosha ya Kiingereza. Atapewa hii. Kama jambo la virusi halimo humu, kwake halijawahi kusemwa.

Akanyamaza. Halafu akauliza, kwa hasira kidogo, "Sasa tukisema mtu achuje halafu bado achemshe, nani atanunua?"

Swali halali. Na nilikuwa na jibu kwa sababu ya zile ndoo mbili. Klorini haifanyi kazi vizuri kwenye maji ya tope, tope linailia nguvu. Maji yaliyochujwa yakawa meupe, kidonge kimoja kwa mtungi wa lita 20 na kusubiri nusu saa kinafanya kazi yake sawasawa. Kwa hiyo chujio halishindani na kidonge, linakifanya kifae. Hilo ni jambo la kuuzia, na ni la kweli. Bosi akasema ataongea na mhandisi wao. Siku mbili kimya, nikaanza kuhesabu hizo 12,000 kama pesa iliyokufa. Siku ya tatu ukaja ujumbe mfupi: mhandisi amekubali, endelea.

Ukurasa wa mbele uliochapishwa ulisema hivi:

"Chota. Tuliza. Chuja. Chujio hili huzuia bakteria waliomo kwenye maji. Maabara waliwaingiza milioni 1, akapita 1. Halizuii virusi vinavyoharisha watoto. Kwa maji ya mtoto, na kwa kila mtu wakati wa mafuriko: ukishachuja, chemsha, au tia kidonge cha klorini usubiri nusu saa. Maji meupe, kidonge kinafanya kazi vizuri."

Sio ushairi. Walipunguza picha ya familia inayocheka ili yatoshee, na kuna sentensi moja ukurasa wa nne sijaipenda mpaka leo. Ilisema chujio "limethibitishwa kimataifa." Kilichokuwepo ni cheti cha ISO 9001 cha kiwanda, na hicho kinahusu jinsi kiwanda kinavyoendesha kazi zake, hakisemi chochote kuhusu maji yanayotoka kwenye mrija. Niliwaandikia waweke "kiwanda kina cheti cha ISO 9001," basi. Faili walilopeleka kwa mchapishaji lilikuwa la zamani. Nikaona kwenye uzinduzi, nakala zimeshagawiwa, nikamwonyesha dada, akashika kichwa. Akaahidi toleo la pili watarekebisha.

Siku ile ya uzinduzi jua lilikuwa kali, spika zinakoroma, watoto wamejaa. Nilisimama karibu na meza nikijifanya napiga picha, kumbe nasikiliza. Mama mmoja akachukua brosha, akaisoma kimya, midomo inatembea. Akamgeukia mwenzake akamwambia kwamba hili zuri la kupunguza tope, lakini ya mtoto bado tutachemsha. Mwenzake akauliza bei. Wakaanza kubishana na muuzaji kuhusu kulipa kidogo kidogo kwa M-Pesa.

Shangazi naye alinunua moja. Nilimpelekea brosha mpya kwa mkono, nikaketi mpaka akamaliza kuisoma. Akaniangalia juu ya miwani. "Ile ya kwanza," akasema, "ilikuwa tamu zaidi." Halafu akaita mtu amletee kuni.